Umelipia mfumo wa duka kwa mwaka mzima, kwenye vitabu unaandikaje? Maswali yanayoulizwa sana

Haya maswali yamekusanywa kwa wenye maduka wa hapa Kigoma, wengi wa Mwanga na Ujiji, wanaotumia mfumo wa mauzo na stoku kwenye kompyuta au simu na wanalipia mara moja kwa mwaka. Mfano ni mmoja toka juu mpaka chini ili usichanganyikiwe na namba: duka la zana za uvuvi pale Mwanga, nyavu, kamba, taa za sola, betri na spea za injini. Mama mwenye duka kalipia mfumo tarehe 20 Septemba 2025, jumla sh. 637,200, na huduma inaanza 1 Oktoba 2025 mpaka 30 Septemba 2026. Duka halijasajiliwa VAT.

Hela si imeshatoka? Kwanini nisiandike yote gharama siku hiyo hiyo?

Hela imetoka kweli na kwenye akaunti ya benki au ya simu lazima ionekane imetoka, hapo hakuna ubishi. Ila gharama ni kitu kingine, gharama ni kile ulichokitumia. Tarehe 20 Septemba huyu mama hajatumia mfumo hata siku moja, anachokua nacho ni haki ya kupewa huduma miezi 12 inayokuja. Hiyo haki ni mali yake, na vitabu vinatakiwa viseme hivyo.

Ni kama kodi ya fremu tu, mwenye nyumba akikwambia lipa miezi sita ndo nikupe ufunguo hausemi mwezi huu nimetumia fremu sita, unajua umenunua miezi sita na kila mwezi unakula mmoja.

Angalia kinachotokea ukikosea. Tuseme Septemba duka limeingiza faida ya 780,000 kabla ya kuhesabu mfumo. Ukitupia 637,200 yote kwenye gharama za Septemba, faida inabaki 142,800. Oktoba biashara ikapungua kidogo, faida ikawa 700,000 na mfumo haupo kabisa kwenye gharama kwasababu "tulishalipa". Sasa mtu akisoma hivyo vitabu ataona duka limepaa kutoka 142,800 mpaka 700,000 wakati ukweli mauzo yameshuka, na uamuzi utakaofuata hapo, mfano kuongeza mzigo wa nyavu kwa mkopo, umejengwa juu ya uongo. Ukigawa vizuri, Septemba inabaki 780,000 na Oktoba ni 700,000 kutoa 53,100, yaani 646,900. Hapo unaona biashara imeshuka, na ndo ukweli.

Sasa naandikaje siku ya kulipa?

Fungua akaunti mpya kwenye leja, ipe jina "Malipo ya kabla – mfumo". Wengine wanaita "gharama zilizolipwa kabla", jina sio ishu mradi ikae upande wa mali, kwenye mali za muda mfupi, isikae kwenye gharama. Hapo ndo wengi wanateleza, wanafungua akaunti yenye jina zuri kabisa alafu wanaichagulia kundi la gharama kwenye programu ya hesabu, matokeo yanakua yale yale.

Tarehe 20 Septemba 2025:

Debiti: Malipo ya kabla – mfumo, 637,200
Krediti: Benki (au akaunti ya simu uliyolipia), 637,200

Faida haijaguswa hata shilingi. Umebadilisha mali moja kua mali nyingine, hela imekua haki ya huduma. Makato ya kutuma hela usiyachanganye humo, yaweke gharama za benki siku hiyo hiyo yaishe.

Na kila mwezi?

637,200 gawa kwa 12 ni 53,100. Mwisho wa kila mwezi kuanzia Oktoba unaandika:

Debiti: Gharama za mfumo, 53,100
Krediti: Malipo ya kabla – mfumo, 53,100

Benki haiguswi hapa. Nasisitiza kwasababu kuna watu wanaandika krediti benki kila mwezi, alafu mwisho wa mwezi benki ya kwenye vitabu na taarifa ya benki haziongei lugha moja, mtu anakesha anatafuta 53,100 iliyopotea na haijapotea popote, haikutoka tu.

Baada ya mwezi wa kwanza salio la malipo ya kabla linakua 584,100, mwezi wa pili 531,000, na tarehe 31 Disemba 2025 ukifunga mwaka umeshatumia miezi mitatu, 159,300, imebaki 477,900. Hiyo 477,900 ndo inaingia kwenye mizania ya mwisho wa mwaka kama mali, na inavuka kwenda 2026 kubeba miezi tisa iliyobaki.

Nianze kuhesabu mwezi niliolipa au mwezi huduma inaanza?

Huduma inapoanza. Tarehe ya risiti inakuambia hela imetoka lini, basi. Tarehe ya kuanza iangalie kwenye invoisi au ingia kwenye mfumo wenyewe, sehemu ya akaunti yako, huwa kuna tarehe ya kuisha. Hiyo ya kuisha naiamini zaidi, maana kuna wauzaji wanatoa wiki mbili za kujaribu bure alafu mwaka wako unaanza kuhesabiwa baada ya hapo, na wengine mwaka unaanza dakika uliyolipa hata kama fundi wa kukufungia mfumo atakuja baada ya wiki tatu.

Huduma imeanza katikati ya mwezi, je?

Unaweza kwenda kwa siku. Tuseme ingeanza 17 Oktoba, mpaka 31 ni siku 15, na 637,200 gawa kwa 365 ni kama 1,745.75 kwa siku, kwahiyo Oktoba ingebeba 26,186. Au unaamua kua mwezi wa katikati unabeba nusu, ni 26,550. Tofauti haifiki shilingi 400. Kwa duka mimi nasema chukua nusu mwezi, ila ukichagua njia moja kaa nayo, na ukumbuke mwezi wa mwisho, Oktoba ya mwaka unaofuata, unabeba nusu iliyobaki. Ukisahau hiyo nusu ya mwisho akaunti itabaki na 26,550 inaelea bila mwenyewe.

Miezi ambayo ziwa limefungwa siuzi kitu, naweza kuiruka?

Hili swali ni la huku kwetu hasa. Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, na duka linaloishi kwa wavuvi likakaa kimya. Mtu anajiuliza, kwanini Juni ibebe 53,100 wakati nimetoa risiti chache tu, bora niihamishie Septemba watu wakirudi majini.

Hapana, usiruke. Ulichonunua ni muda. Mfumo ulikua wazi Juni nzima, stoku yako imekaa humo, madeni ya wateja yamo humo, na muuzaji wa mfumo hakusimamisha siku zako kisa ziwa limefungwa. Mwezi umepita, sehemu yake imeisha. Juni ikionyesha hasara basi ni hasara kweli, na ni taarifa unayoihitaji: inakuambia duka likikaa bila mauzo linakula kiasi gani kwa mwezi, ukijumlisha fremu, umeme, mlinzi na mfumo, na kwa hiyo namba unajua uweke akiba kiasi gani kabla ya Mei. Hata zile siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa wanapokaa nchi kavu, hesabu ni hiyo hiyo.

Kitu kimoja kingebadilisha jibu: kama unalipia kwa matumizi, mfano umenunua meseji 5,000 za kuwatumia wateja. Hapo hununui muda, unanunua idadi, kwahiyo gharama inafuata meseji zilizotumika mwezi huo na mwezi wa kimya unaweza kubeba sifuri.

Invoisi yangu ina vitu vingi: mfumo, printa ya risiti na mafunzo. Nagawa yote kwa 12?

Usigawe yote, chambua kwanza. Kila mstari una tabia yake.

Ada ya mwaka ya mfumo ndo inaenda malipo ya kabla. Printa ni kifaa, ni mali ya kudumu, itakaa miaka na utaipunguza thamani kwa utaratibu wa uchakavu, haina uhusiano na miezi 12 ya mfumo, mfumo ukiisha printa bado iko mezani. Mafunzo ya siku mbili kwa wauzaji wako yanakua gharama mwezi uliofundishwa, yameshatolewa, hakuna kilichobaki cha kugawa.

Shida inakuja muuzaji akiandika mstari mmoja tu, "mfumo kamili" na jumla moja. Mwombe aivunje. Usikubali kukisia mwenyewe kama anaweza kukupa mchanganuo, maana printa ikimezwa humo unaimaliza ndani ya mwaka mmoja na ada ya mwezi inaonekana kubwa kuliko ilivyo, alafu mwaka unaofuata ukilinganisha unadhani muuzaji kashusha bei.

VAT inakaaje hapa?

Inategemea umesajiliwa au la. Ile 637,200 ndani yake kuna 540,000 ya mfumo na 97,200 ya VAT, ambayo ni asilimia 18. Duka letu la mfano halijasajiliwa, haliwezi kudai hiyo VAT popote, kwahiyo kwake ni sehemu ya bei na inagawanywa humo humo, ndo maana tumepata 53,100.

Ungekua umesajiliwa na una risiti ya EFD yenye namba yako ya VRN, ile 97,200 isingeingia kwenye malipo ya kabla hata kidogo. Ungeandika debiti malipo ya kabla 540,000, debiti VAT ya manunuzi 97,200, krediti benki 637,200. Mwezi unabeba 45,000. Na VAT haigawanywi kwa 12, unaidai nzima kwenye ritani, hii watu wanaichanganya sana kwa kudhani kama gharama imegawanywa basi na VAT ifuate nyuma kidogo kidogo.

Kwenye kodi ya mapato inanisaidia au inaniumiza?

Kama wewe ni mfanyabiashara binafsi mdogo unayekadiriwa kodi kwa mauzo, kugawa au kutokugawa hakubadilishi kodi, maana hawaangalii gharama zako. Unagawa kwa faida yako ya kuona biashara inaendaje, na kwa afisa wa mkopo akija kuomba vitabu.

Kampuni ni habari nyingine. Kampuni hesabu zake za kodi haziendi kwa hela iliyoingia na kutoka, zinafuata mapato na gharama zinapostahili. Kama mwaka wako unaisha 31 Disemba na ukaweka 637,200 yote kwenye 2025, umeongeza gharama ya mwaka huo kwa 477,900 ambayo ni ya 2026. Mkaguzi akiona invoisi imeandikwa Oktoba 2025 mpaka Septemba 2026 hata hahitaji kukuuliza, anairudisha mwenyewe. Mbele ya safari jumla ni ile ile, kinachobadilika ni mwaka upi umebeba.

Nimelipa kwa kadi, bei ni ya dola. Dola ikipanda nabadilisha?

Hubadilishi. Chukua shilingi zilizokatwa kwenye akaunti yako siku uliyolipa, hizo ndo gharama, gawa hizo. Hudaiwi dola na wala hudai dola, unadai huduma, kwahiyo dola ikipanda Januari au ikishuka salio lako la malipo ya kabla linakaa pale pale. Mabadiliko utayakuta mwakani ukihuisha, kwa bei ya siku hiyo.

Angalizo dogo: angalia taarifa ya benki, usiangalie bei iliyoandikwa kwenye tovuti ukaizidisha kwa rate ya gugo, benki ina rate yake na makato yake.

Nilishaandika yote gharama Septemba, sasa ni Disemba nafunga mwaka. Nifute?

Usifute kitu. Weka ingizo moja la marekebisho tarehe 31 Disemba:

Debiti: Malipo ya kabla – mfumo, 477,900
Krediti: Gharama za mfumo, 477,900

Gharama ya 2025 inabaki 159,300, sawa sawa na aliyekua anaandika kila mwezi. Kuanzia Januari unaendelea na 53,100 kila mwezi mpaka Septemba. Kuna wahasibu wanafanya hivi kwa makusudi, wanaandika gharama yote mwanzoni alafu wanarekebisha mara moja kwa mwaka, na sio kosa kama wewe huwa unasoma hesabu mwisho wa mwaka tu. Ila ukiwa unaangalia faida ya kila mwezi hiyo njia haikufai, Septemba itabaki imeharibika kwenye ripoti ya miezi.

Nimeongeza tawi katikati ya mwaka na nimelipa nyongeza, inakuaje?

Tuseme Februari 2026 mama kafungua kibanda Ujiji na kaongeza 120,000 ili mfumo ufanye kazi sehemu mbili mpaka 30 Septemba. Nyongeza inagawanywa kwa miezi iliyobaki, Februari mpaka Septemba ni miezi minane, 15,000 kwa mwezi. Ile ya zamani haiguswi, inaendelea na 53,100 yake, kwahiyo kuanzia Februari unabeba 68,100. Iandike kwenye mstari wake peke yake kwenye jedwali, usijumlishe na ya kwanza ukaanza kupiga hesabu upya, utachanganya. Na 15,000 hiyo iweke gharama za kibanda cha Ujiji kama unatenganisha matawi.

Ekseli naipangaje ili isinisumbue?

Mstari mmoja kwa kila malipo. Safu A weka kiasi, B tarehe ya kwanza ya mwezi huduma inapoanza, C idadi ya miezi. Kuanzia D1 kwenda kulia weka tarehe 1 ya kila mwezi. Kwenye D2 weka hii alafu ivute kulia na chini:

```
=IF(AND(D$1>=$B2,D$1<EDATE($B2,$C2)),$A2/$C2,0)
```

Mwezi ukiwa ndani ya kipindi inakupa sehemu yake, ukiwa nje inakupa sifuri. Jumla ya safu ya mwezi ndo ingizo lako la mwezi huo, moja tu, hata kama una malipo kumi tofauti ikiwemo bima na kodi ya fremu. Kama haikubali, mara nyingi tatizo ni tarehe, umeiandika kama maneno na Ekseli haiioni kama tarehe.

Bei isiyogawanyika vizuri, mfano 500,000, usihangaike na senti. Weka 41,666 kwa miezi 11 na mwezi wa mwisho 41,674.

Nitajuaje kama nimekosea?

Salio la malipo ya kabla kwenye leja lazima lilingane na miezi iliyobaki zidisha kiasi cha mwezi. Mwisho wa Machi 2026 ile ada ya kwanza imebakiza miezi sita, 318,600. Jumlisha na nyongeza ya Ujiji, miezi sita kwa 15,000 ni 90,000, jumla 408,600. Leja ikisema 461,700 umeruka mwezi mmoja wa 53,100. Ikisema 355,500 umeandika mara mbili, inatokea sana pale programu ya hesabu imewekwa kuingiza yenyewe na wewe tena unaingiza kwa mkono.

Tarehe 30 Septemba 2026 mistari yote miwili inatakiwa iwe sifuri. Hapo kuna mtego: ukihuisha mapema, mfano 20 Septemba 2026, akaunti haitaonyesha sifuri, itaonyesha ada nzima ya mwaka mpya ambao haujaanza. Usishtuke ukaanza kuikata. Angalia kwa mstari, usiangalie jumla ya akaunti.

Muuzaji wa mfumo kapotea, simu hapokei, mfumo haufunguki. Salio nalifanyaje?

Salio ni mali kwasababu unategemea huduma. Huduma ikifa na hakuna wa kukurudishia, mali hakuna. Chukua kilichobaki chote ukiingize gharama mwezi ule ule uliojua, usiendelee kukata kidogo kidogo ili mwezi usionekane mbaya. Mfumo ukizimika Aprili mwishoni, baada ya ingizo la Aprili ada ya kwanza ina 265,500 na ya Ujiji 75,000, zote zinaenda hasara Aprili. Akikubali kwa maandishi kukurudishia sehemu, sehemu hiyo ihamishe kwenye wadaiwa na inayobaki ndo hasara. Ahadi ya mdomo ya "ntakutumia bosi" usiiandike wadaiwa.

Ukiamua mwenyewe kuacha kuutumia ni hivyo hivyo. Mfumo upo hewani lakini dukani mmerudi kwenye daftari, na hamna mpango wa kuurudia, basi malizia salio.

Na vile vitu vidogo, nimelipia apu 30,000 kwa mwaka, nigawe 2,500 2,500?

Achana nayo, weka gharama mwezi huo yaishe. Jiwekee kiwango, kwa duka la saizi hii mimi ningesema chini ya 100,000 haigawanywi, kiandike mahali, na kifuate mwaka mzima hata mwezi ambao ungependa faida ionekane nene.